Gugu moja, dakika tatu: kuandika skripti ya video kuhusu usugu wa dawa

Watu wengi husema "mwili umezoea dawa". Si mwili, ni bakteria. Hilo ndilo nililotaka video ieleze, na mfano niliouchagua ni shamba linalopuliziwa dawa ya magugu.

1. Andika wazo kwa sentensi moja. Yangu: dawa huua bakteria dhaifu, wale wachache wanaoihimili hubaki na kuzaana. Kisichoingia humo hakiingii kwenye video.

2. Jaribu mfano kabla ya kuandika. Chora safu mbili. Magugu ni bakteria, dawa ya magugu ni antibaiotiki, kutoa mbegu ni kuzaana. Kisha tafuta swali gumu: vipi mtu anayemeza antibaiotiki kwa mafua? Mafua huletwa na virusi. Shambani, hao ni viwavijeshi: unapulizia dawa ya magugu, viwavi wanaendelea kutafuna mahindi, na magugu sugu yanapata nafasi. Mfano ukijibu swali ambalo hukulipanga, ushikilie.

3. Gawa dakika. Kwa mwendo wangu wa kusoma, maneno 300 hivi yanatosha dakika tatu.

0:00–0:20. Shamba limekauka baada ya kupuliziwa, gugu moja bado bichi. "Hili limeponaje?"

0:20–1:20. Kamera haihami. Gugu linakomaa, linapukutisha mbegu, mvua inanyesha, shamba zima linachipua. Mkulima anapulizia tena, hakuna kinachonyauka. Hapa usiharakishe, acha sekunde tatu za kimya mtazamaji aone mwenyewe.

1:20–2:00. Shamba lile lile linageuka tumbo la mgonjwa. Gugu nimelipaka njano tangu mwanzo, kwa hiyo bakteria sugu naye ni wa njano, na amekaa pale pale lilipokuwa gugu. Rangi na mahali ndivyo vinavyobeba mfano, sauti inafuata tu.

2:00–2:35. Viwavijeshi na mafua.

2:35–3:00. Sema mfano unapokomea: gugu hurithisha watoto wake, lakini bakteria anaweza kumpa jirani vinasaba vya usugu, hata kama si wa aina yake. Onyesha kitone cha njano kikihama kutoka mmoja kwenda kwa mwingine.

4. Mwombe mtu asimulie. Katika rasimu yangu ya kwanza, bakteria walikuwa magugu hadi katikati, kisha nikawaita "maadui" na kuchora askari na ngao. Jirani yangu alipotazama akaniambia, "Kumbe mwili unajenga ngao, dawa haipenyi." Kosa lile lile nililotaka kulifuta! Nikatoa askari wote, nikarudisha magugu, nikamwonyesha tena. Safari hii akasema, "Lile la njano ndilo lililozaa."

Hapo nikaanza kurekodi sauti.