Jina jipya la ndoa: tuma namba yako ikiwa na majina yote

Kwa wanaobadili jina la mwisho baada ya ndoa, hasa huku Tabora kwenye majina yenye Ng'w: usitume namba tupu. Jihifadhi mwenyewe kwenye simu, kisha watumie watu hiyo kadi ya mawasiliano. Tuseme Rehema Mrisho ameolewa na sasa ni Rehema Ng'wandu. Aandike hivi:

Rehema Ng'wandu Ngwandu (zamani Mrisho)

Simu nyingi hutafuta herufi kama zilivyoandikwa. Shoga wa shule ataandika Mrisho, mteja mpya ataandika Ngwandu bila ile ritifaa ya Ng', na wote watampata. Ritifaa yenyewe inasumbua: kuna iliyonyooka na iliyopinda, na simu nyingine huziona kuwa alama mbili tofauti. Ndiyo maana tahajia isiyo nayo ni muhimu kuwemo.

Kwenye sehemu ya maelezo aongeze matamshi: “Ng'wa-ndu, ng' kama ya ng'ombe, si ya ngazi.” Mgeni akisoma hapo hatamwita Nguwandu mbele za watu, na kuitwa vizuri ni heshima.

Hii haisaidii kwa aliyekwisha kuhifadhi namba kwa jina alilochagua mwenyewe. Huyo mwombe abadilishe. Pia anayetuma pesa ataona jina la usajili wa laini. Kama bado ni Mrisho, mjulishe mapema, asije akasita akidhani amekosea namba. Kwenye fomu za benki au ajira andika jina moja tu, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA.