Kupanga vipindi vya michezo na mazoezi ya timu kwa wanafunzi waliofunga Ramadhani

Kinachombana mwanafunzi aliyefunga akiwa uwanjani ni kiu zaidi ya njaa. Mwenye njaa hupungua kasi tu, lakini jasho linalomtoka hana cha kulirudishia mpaka magharibi, na kadiri maji ya mwili yanavyopungua ndivyo mwili unavyoshindwa kujipoza. Kwa hiyo jiulize kwanza: baada ya zoezi hili, mtoto atakunywa maji lini?

Hatua ya 1: Badilisha saa kabla ya kubadilisha zoezi

Tuseme darasa lako lina vipindi viwili mfululizo vya mpira wa kikapu, dakika 80, kuanzia saa 6:40 mchana. Mwone mwalimu wa taaluma wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, umwombe ubadilishane na somo la asubuhi. Asubuhi daku bado ina nguvu na jua halijakolea. Majaribio yanayopewa alama, kama mbio za mita 1500, yafanye kabla ya Ramadhani au yasubiri baada ya Idi. Ukiyafanya katikati ya mfungo, alama utakazopata zitapima saumu, si pumzi.

Hatua ya 2: Usiulize nani amefunga

Mwalimu akisema "wasiofunga wanyooshe mikono", wasichana walio hedhini, ambao hawafungi siku hizo, wanaanikwa mbele ya wavulana. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa asiyetaka ujulikane. Weka vituo vitatu vya uzito tofauti, kila mmoja achague, na ruhusu kuhama katikati bila kueleza sababu. Mwenye kisukari au selimundu ni suala jingine: zungumza na mzazi faraghani mapema, na fuata maelekezo ya daktari wake.

Wala usiwaketishe waliofunga pembeni mwezi mzima. Wengi wanataka kucheza, na benchi wanaliona kama adhabu.

Hatua ya 3: Kipindi kikibaki mchana

Hamia ukumbini au kivulini. Katika zile dakika 80, tumia 10 kupasha mwili kwa kutembea na kujinyoosha. Dakika 40 zifuatazo ni za vituo: cha kwanza kurusha mpira kapuni ukiwa umesimama, cha pili pasi za wawili wawili kwa mwendo wa kutembea, cha tatu mchezo wa watatu kwa watatu kwenye nusu uwanja. Mchezo huo uende dakika 3, kisha mapumziko ya dakika 3. Zinazobaki ni za kanuni, uamuzi na kuchora mbinu ubaoni. Sehemu hii huwa inakosa nafasi miezi mingine.

Kipimo changu cha uzito ni maongezi. Muulize mchezaji swali akiwa anacheza. Akijibu sentensi nzima bila kukatika, endelea. Akijibu neno moja moja huku akihema, mpunguzie.

Hatua ya 4: Timu ya shule

Ikiwa magharibi ni saa 12:30 jioni, anza mazoezi saa 11:30 na umalize saa 12:15. Fanya mipira ya kutenga, pasi na mpangilio wa timu, bila mbio ndefu. Wakimaliza wanatawadha, na baada ya muda mfupi tu maji yako mkononi.

Zoezi zito linahitaji kungoja saa mbili hivi baada ya futari, na hapo linagongana na tarawehe na usingizi, maana mtoto huyo ataamshwa tena kwa daku. Mimi huliweka mara moja tu kwa wiki, usiku ambao kesho yake hakuna masomo. Kasi naibakiza ileile, napunguza idadi: mbio za mita 30 mara 6, na kupumzika dakika 2 kila baada ya moja.

Hatua ya 5: Wakati wa kusimamisha

Siku za mwanzo tarajia maumivu ya kichwa, hasa kwa waliozoea chai au kahawa. Kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza ni ishara ya kumtoa, kumlaza kivulini na kumlowesha kichwa na shingo kwa maji. Kujimwagia maji hakubatilishi saumu. Asipopata nafuu upesi, anywe. Dini inamruhusu aliyepatwa na madhara kufungua na kulipa siku hiyo baadaye, na wengi hukubali haraka wakiambiwa hivyo na mwalimu wa dini, kwa hiyo mwombe awaeleze mapema.

Akianza kuyumba, kuongea ovyo au kupoteza fahamu, hilo ni joto lililozidi mwilini. Endelea kummwagia maji na kumpepea huku mwenzako akiita msaada wa hospitali, na usimnyweshe chochote kama hana fahamu kamili.

Baada ya Idi, rudisha mzigo wa kawaida taratibu kwa wiki moja, kwa sababu ratiba ya usingizi wao bado haijarudi.