Somo: Kushiba ukiwa na kisukari cha mimba, kwa vyakula vya huku kwetu Mbeya

Nimejibu swali hili faraghani hadi vidole vinauma: "Dada, kliniki wamesema nina sukari ya mimba, nile nini? Nalala njaa." Naandika mara moja, hapa hapa, na atakayeniuliza tena nitamrudisha kwenye somo hili.

Mimi si muuguzi. Nilikuwa na kisukari cha mimba kwa mwanangu wa pili, kiligundulika wiki ya 26, na nilijifungua nikitumia chakula na kutembea tu. Kama umeandikiwa insulini au vidonge, usipunguze chakula kwa kufuata somo hili kabla hujaongea na kliniki. Sukari inaweza kushuka ghafla ukazimia.

1. Pima. Mimi niliambiwa nilenge sukari ya damu chini ya 5.3 mmol/L kabla ya kula asubuhi, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kuanza kula. Wewe fuata namba utakazopewa kliniki. Andika kwenye daftari, ukiweka na ulichokula.

2. Asubuhi, weka uji pembeni. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma taratibu.

Nilipoambiwa niache sukari, niliacha sukari ya kwenye kopo. Nikaona niko salama. Kila asubuhi nikawa nakunywa bakuli kubwa la uji wa lishe, wa ulezi, mahindi, soya na karanga, bila hata punje ya sukari. Kila mtu alinisifu. Siku nilipopata mashine, nilipima saa moja baada ya uji: 10.4. Nikadhani mashine mbovu. Kesho yake 10.1. Nilikuwa nimekunywa hivyo karibu wiki tatu.

Uji ni unga uliosagwa laini, ukapikwa hadi ukaiva kabisa, halafu ukawa maji maji. Tumbo halina kazi ya kufanya. Wanga wake unageuka sukari na kuingia kwenye damu kwa mkupuo. Soya na karanga zilizomo ni kidogo mno kuuzuia. Halafu ukiupokea asubuhi, unaupokea saa mbaya: ndio wakati mwili wa mjamzito unaikataa insulini kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Kiasi kile kile cha wanga ambacho mchana hakikusumbui, asubuhi kinakupeleka juu.

Na usisahau: uji ule haukunishibisha. Saa nne nilikuwa natetemeka kwa njaa, nikala andazi.

Tahadhari tatu. Ulezi haukuokoi ukiwa uji, hata kama ni ulezi mtupu. Togwa ni mbaya zaidi, maana kimea kinakata wanga kuwa sukari humo humo chunguni. Ule utamu wake hautoki hewani. Na asali ni sukari.

Nilichobadilisha: mayai mawili ya kukaanga na nyanya na kitunguu, nusu parachichi, na kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha kinachoingia kwenye kiganja. Chai ya maziwa, haina sukari. Nilipima baada ya saa moja nikapata 6.8, na sikuhisi njaa hadi saa nne na nusu.

3. Saa nne: kiganja cha karanga za kukaanga, au kikombe cha mtindi usio na sukari.

4. Mchana, geuza sahani. Sisi tumezoea mlima wa ugali na mboga pembeni. Fanya kinyume chake. Nusu ya sahani iwe majani: ya maboga, mnafu, chainizi, kabichi, chochote kilichopo sokoni. Robo iwe maharage, dagaa, nyama au samaki. Robo iliyobaki ndiyo ugali, donge la ukubwa wa ngumi yako, wa dona. Anza na majani na mboga, ugali uje mwisho. Ukianza na majani, yale makapi yake yanatangulia tumboni na kuuchelewesha wanga unaofuata. Mimi nilikula majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, maharage na ugali huo wa ngumi moja, nikapata 7.3. Siku niliyokula ngumi mbili, mboga zile zile, nilipata 9.0. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ina pumba na kiini chake, lakini haikupi ruhusa ya kujaza sahani.

Maharage nayo yana wanga, tena wa kutosha, ila unatoka polepole na yanakaa tumboni. Ukijaza kikombe kizima cha maharage, punguza ugali kidogo.

5. Saa kumi: tunda moja dogo, peasi au pera. Lile zima, si juisi.

6. Jioni kama mchana. Ndizi mbichi mbili za Tukuyu na nyama na kabichi nyingi zilinikaa vizuri.

7. Tembea dakika kumi na tano baada ya kula, mtaani kwako tu.

8. Kabla ya kulala kula kitu kidogo chenye protini: yai, au nusu kikombe cha mtindi.

Maswali yaje chini. Someni kwanza.

---

Mama Careen wa Ilomba: Asante dada. Kwa hiyo uji wa ulezi bila sukari naruhusiwa?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Mama Careen wa Ilomba: Nimeona, ila huu wangu ni ulezi mtupu, hauna mahindi.

Mwandishi: Hatua ya 2, tahadhari ya kwanza. Kama bado huamini, kunywa kikombe kimoja, pima saa moja baadaye, uilete namba hapa.

Sekela T.: Shikamoo dada. Nimeielewa ya uji, ila naomba nielewe zaidi: kwa nini mwili wa mjamzito unaikataa insulini? Na kwa nini asubuhi zaidi?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu. Swali zuri, ngoja nikae. Kondo la nyuma linatoa homoni zinazoufanya mwili wa mama usiitii insulini, ili sukari ibaki kwenye damu mtoto apate yake. Ni jambo la kawaida kwa kila mimba. Kongosho la mama linatakiwa liongeze insulini kufidia. Kwa wengine linaongeza, kwa sisi wengine linazidiwa, na kadiri kondo linavyokua ndivyo kazi inavyozidi. Ndiyo maana wengi tunapimwa kati ya wiki ya 24 na 28, na ndiyo maana chakula kilichokufaa wiki ya 27 kinaweza kukushinda wiki ya 33. Sasa alfajiri, mwili wa kila mtu unatoa homoni za kumwamsha, nazo pia zinapandisha sukari. Za kuamka zikikutana na za kondo, insulini inalemewa pande mbili. Mchana zile za kuamka zimeshapungua.

Sekela T.: Nimeelewa kabisa. Basi mimi wanga nitauhamishia mchana na jioni.

Mwandishi: Hapo umeshika. Asubuhi mdogo, usiwe sifuri.

Neema_Mafinga: Mimi nimeacha wanga wote. Ugali, viazi, ndizi, vyote. Sukari yangu iko 4.6 kila nikipima! Mbona unawachanganya watu na ngumi za ugali?

Mwandishi: Sichanganyi mtu. Mwili ukikosa wanga kabisa unachoma mafuta, na mkojo unaanza kuonyesha ketoni, yale mabaki ya mafuta yaliyochomwa. Mimba haitakiwi kufika huko. Uliza wakupime mkojo kliniki ijayo. Una kichwa kuuma na kichefuchefu asubuhi?

Neema_Mafinga: Kichwa ndiyo, wiki hii yote. Nilidhani ni baridi.

Mwandishi: Kinaweza kuwa na sababu nyingine, na moja ni presha. Usisubiri tarehe ya kadi. Nenda kesho, wapime presha na mkojo. Na leo mchana kula ile ngumi ya ugali, dada yangu. 4.6 ya njaa si ushindi.

Baba Ipyana: Habari zenu. Mke wangu yuko wiki ya 30, anafuata chakula hivi hivi. Baada ya kula yuko vizuri, 7.0, 7.2. Ila akiamka ni 5.8, 5.9, 5.7. Jioni nimejaribu kumpunguzia chakula, hata hivyo haishuki. Tunakosea wapi?

Mwandishi: Kaka, asante kwa kuandika namba, zinasaidia. Hamkosei. Sukari ya kuamka haitokani sana na chakula cha jioni. Ini lake linaachia sukari usiku, na insulini yake haitoshi kulizuia. Msimpunguzie chakula cha jioni. Jaribuni hatua ya 8, wakati mwingine inasaidia. Ila asubuhi zote tatu juu ya 5.3 peleka daftari kliniki wiki hii, mwezi ujao mbali. Huenda akaandikiwa dawa, na ikiwa hivyo asijione ameshindwa. Kuna sukari ambayo sahani haiifikii.

Baba Ipyana: Nimekuelewa. Na kande?

Mwandishi: Ziko vizuri kuliko ugali, mahindi yakiwa mazima na maharage yakizidi mahindi. Kikombe kimoja, majani pembeni. Zile za mahindi yaliyokobolewa meupe zinapandisha haraka zaidi.

Mkulima wa Njombe: Viazi mviringo hujavitaja. Huku ndio chakula.

Mwandishi: Kweli, nimekosea kuviacha. Viwili vidogo vya kuchemsha na maganda yake, badala ya ugali, si pamoja na ugali. Vya kuponda vinapanda haraka. Chipsi usizipime kwa saa moja tu: mafuta yanachelewesha, utaona namba nzuri halafu baada ya saa mbili unakuta imepanda.

Tulia: Mimi nilipata 11.2 baada ya kula yai na parachichi tu!! Somo lako halifanyi kazi.

Mwandishi: Ulinawa mikono?

Tulia: Nilikuwa namenya embe la mtoto.

Mwandishi: Nawa kwa maji na sabuni, kausha, pima tena. Sukari ya embe iliyo kwenye kidole inasomwa kama ya damu.

Tulia: 6.3. Samahani dada.

Sekela T.: Dada, mtindi wa pakiti huku kwetu karibu wote ni mtamu. Unapata wapi usio na sukari?

Mwandishi: Natengeneza. Chukua maziwa ya Rungwe, yachemshe mpaka yapande, maana mabichi yana vijidudu hatari kwa mimba. Yaache yapoe mpaka kidole kivumilie. Tia vijiko viwili vya mtindi usio na sukari, koroga, funika.

Sekela T.: Nimejaribu mwezi wa sita, hayakuganda, yakabaki maji.

Mwandishi: Ni baridi ya Mbeya, mwezi wa sita na wa saba yanagoma. Ifunge sufuria kwa blanketi mara mbili, iweke karibu na jiko lililozimwa likiwa bado na joto, usiifungue hadi asubuhi. Na bakiza vijiko viwili kwa ajili ya kesho.