Kabla hujajaza jalada la ushahidi wa ualimu

Walimu wengi wanaojiandaa kuthibitishwa kitaaluma huanzia kabatini. Hutoa maandalio ya masomo, picha za zana, vyeti vya semina na barua ya shukrani ya mzazi, kisha hujiuliza kipi kiingie kwenye jalada. Ushauri wangu ni kulifunga kabati kwanza na kukaa na vigezo vya mamlaka itakayokuthibitisha, ukivisoma kimoja kimoja, kalamu mkononi. Mtathmini atasoma kazi yako akiwa na vigezo hivyohivyo mezani. Kitu kisichojibu kigezo chochote hana mahali pa kukipa alama, hata kiwe kizuri namna gani.

Tuseme kigezo kimoja kinasema: “Mwalimu hutumia matokeo ya upimaji kupanga ufundishaji unaofuata.” Sentensi ni moja, ila inadai mambo matatu: kwamba ulipima, kwamba uliyaelewa matokeo, na kwamba matokeo hayo yalibadilisha somo lililofuata. Karatasi ya jaribio inathibitisha la kwanza tu, na orodha ya alama haiongezi mengi. Hapa ndipo alama nyingi hupotea: mtu anaweka jaribio na alama zake, halafu anaacha nje andalio la somo la siku iliyofuata, na ushahidi wenyewe umo humo.

Chukua mwalimu wa hisabati mwenye darasa la wanafunzi 42, anayefundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Kabla ya kuanza mada alitoa swali moja, 1/2 + 1/3, na wanafunzi 27 wakajibu 2/5. Walijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Akaandika pembeni ya daftari lake la maandalio: “2/5 ni ndogo kuliko 1/2. Hawalinganishi ukubwa.” Somo alilokuwa amelipanga lilianza na kanuni ya kutafuta asili ya pamoja. Alilikata mstari, akaanza na vipande vya karatasi, ili wanafunzi waone kwanza kwamba ukiongeza kitu juu ya nusu huwezi kubaki na kilicho chini ya nusu. Baada ya masomo mawili alitoa swali lilelile, na waliojumlisha juu kwa juu na chini kwa chini walikuwa wamebaki 4. Lakini 9 walikuwa na kosa jipya: walipata asili ya 6, wakasahau kubadili kiasi, wakaandika 1/6 + 1/6 = 2/6.

Kwa kigezo kile, mwalimu huyu anahitaji vitu vinne tu: swali la mwanzo likiwa na majibu ya wanafunzi wachache, ukurasa wa andalio wenye mstari uliokatwa na ule mwandiko wa pembeni, kazi za wanafunzi walewale baada ya somo, na andalio fupi la kuwasaidia wale 9. Ule ukurasa uliokatwa watu huuonea aibu, wakaunakili upya ukawa msafi. Usiunakili. Andalio safi linaonyesha ulichokusudia, lakini lile lililokatwa linaonyesha sababu iliyokufanya ugeuze njia.

Kazi za wanafunzi zataka uangalifu kuliko kitu kingine chochote jaladani. Kishawishi ni kuchukua daftari bora tatu. Mtathmini akiziona hajui kama wewe ndiwe uliyewafundisha au walikuja wakijua. Bora uchague mwanafunzi mmoja aliyeanza na 2/5 akafika 5/6, mmoja aliyekwama kwenye 2/6, na mmoja aliyekuwa anajua tangu mwanzo, ukaonyesha ulimpa kazi gani ili asikae bure. Huyu wa katikati ndiye mwenye thamani kubwa, kwa kuwa kosa lake linakulazimisha kuonyesha kwamba unaweza kusoma fikra za mwanafunzi ndani ya jibu lisilo sahihi. Kumbuka pia kuchukua kazi ya mwanzo na ya mwisho ya mtoto yuleyule. Ukichanganya watoto, mabadiliko hayaonekani. Ndiyo maana daftari za mwanzo zinakiliwe siku ileile, kabla hazijarudishwa. Baadaye hazipatikani, au huwa zimeshasahihishwa na mwenyewe.

Sasa maelezo unayoyaandika kwa kila kitu ulichoweka jaladani. Bodi ya kitaifa ya viwango vya ualimu ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1987, huwafundisha watahiniwa wake kutenganisha uandishi wa kueleza, wa kuchambua na wa kutafakari, na mgawanyo huo unafaa popote. Kueleza ni kusema kilichotokea. Kuchambua ni kusema kwa nini kilitokea na unajuaje. Kutafakari ni kusema utafanya nini tofauti. Maelezo mengi hukomea kwenye la kwanza: “Hii ni kazi ya kikundi ambapo wanafunzi walishirikiana vizuri na kufurahia somo.” Hapo hakuna linaloweza kuhakikiwa, maana kufurahia hakuonekani kwenye karatasi.

Linganisha na haya: “Mwanafunzi B alibadilisha asili kuwa 6 lakini akaacha kiasi kama kilivyokuwa. Anajua kwamba asili lazima zifanane, ila bado haoni kwamba 1/2 na 3/6 ni ukubwa mmoja. Vipande vya karatasi nilivyotumia vilionyesha jumla tu; sikuwapa nafasi ya kukunja nusu iwe sehemu za sita. Somo lililofuata, kielelezo cha 4, lilianza na kukunja huko.” Ni sentensi chache, na kila moja inaelekeza jicho kwenye kitu kilichomo jaladani. Tazama pia kwamba mwalimu anataja upungufu wa somo lake bila kujitetea. Watathmini wanathamini hilo, mradi hatua iliyofuata ionekane.

Vyeti vya semina, picha za darasa lililopambwa na barua za pongezi ni ushahidi dhaifu. Cheti kinathibitisha ulihudhuria. Kama semina ilibadilisha ufundishaji wako, weka andalio linaloonyesha badiliko hilo na cheti kikae nyuma yake. Andalio la kuazima kwa mwenzako halikatazwi kwa kawaida, ila lisemwe kuwa ni la nani, na wewe ueleze ulichokibadilisha na sababu yake.

Ruhusa ishughulikiwe mapema, kabla ya kupiga picha au kurekodi somo. Pata idhini ya mkuu wa shule na ya wazazi kwa maandishi, ikieleza nani ataona na kwa lengo gani. Majina ya watoto yaondolewe, na kuyapaka wino tu hakutoshi, kwani karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga jina husomeka. Paka wino kwenye nakala, kisha toa nakala ya nakala hiyo. Angalia na mahali pasipotarajiwa: jina kwenye jalada la daftari lililoonekana pembeni mwa picha, beji ya sare, ubao wenye orodha ya zamu. Tarehe ziache, kwa kuwa bila tarehe mtathmini hawezi kujua kipi kilitangulia.

Ukimaliza, mpe mwalimu wa somo jingine kielelezo kimoja pamoja na maelezo yake, bila kumwonyesha kigezo, umuulize kinathibitisha nini. Akitaja kigezo ulichokusudia, kwa maneno yake mwenyewe, kiache. Akisema “kinaonyesha unajituma”, maelezo bado hayajafika. Yaandike upya, na yakigoma tena, badilisha kielelezo chenyewe.