Somo: Mkopo wa kazini usio na riba unavyoingia kwenye kodi ya mshahara

Salaam wanakundi. Mwaka 2022 fundi wa majokofu katika kiwanda kimoja cha minofu hapa Mwanza alinijia na karatasi yake ya mshahara, imeshika harufu ya sangara, akauliza: "Kaka, mkopo hauna riba, hii 25,500 ni ya nini?" Ilikuwa kodi ya manufaa, yaani riba aliyosamehewa na mwajiri huhesabiwa kama sehemu ya kipato chake, na ilikuwa imezidishwa. Tulipige upya hesabu lake.

Mshahara wake wa msingi ulikuwa 1,200,000 kwa mwezi. Mwisho wa Desemba 2021 mwajiri alimkopesha 6,000,000 bila riba, arudishe 250,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi 24.

Kwanza, tazama kama mkopo unahusika. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kinauacha nje ya kodi hii mkopo wa mwajiri ambao muda wake haufiki miezi 12 na ambao jumla yake, pamoja na mikopo mingine ya namna hiyo iliyokuwepo ndani ya miezi 12 iliyopita, haizidi mishahara ya msingi ya miezi mitatu. Lazima yote mawili yatimie. Kwa fundi wetu mishahara mitatu ni 3,600,000, na muda ni miezi 24. Amekwama kote kuwili.

Pili, chukua riba iliyo sahihi. Hapa ndipo karani wa mishahara alipoteleza. Aliuliza benki ya jirani inakopesha kwa ngapi, akaambiwa 17%, akaitumia. Kwa kodi yetu, riba ya kulinganishia ni kiwango cha kisheria cha mwaka husika, kinachotokana na riba ya Benki Kuu ya kukopesha mabenki, wala si bei ya dirishani. Mwaka 2022 kilikuwa 5%. Kila Januari tafuta kilichotangazwa na TRA, usiburute cha mwaka jana.

Tatu, piga kwa salio la kila mwezi. Januari alidaiwa 6,000,000 nzima, Februari 5,750,000, na kuendelea kushuka. Kwenye Excel, salio likiwa B2, andika:

```
=B2*5%/12
```

Januari inatoka 25,000, Februari 23,958. Mwaka mzima ni 231,250. Ukizidisha 6,000,000 kwa 5% moja kwa moja utapata 300,000, yaani unamtoza kwa pesa ambazo ameshazirudisha.

Nne, ongeza manufaa hayo kwenye kipato kinachotozwa, halafu uyatoe kwenye malipo ya mkononi. Mshahara ukitoa 120,000 za NSSF unabaki 1,080,000. Ongeza manufaa ya 25,000, inakuwa 1,105,000. Kwa jedwali la mwaka huo, kinachozidi milioni moja hutozwa 30% juu ya 128,000, kwa hiyo kodi ni 159,500. Bila mkopo ingekuwa 152,000. Mkopo wenyewe umemgharimu 7,500, si ile 25,500 ya karani.

Zile 25,000 hazikuwahi kuwa noti, kwa hiyo zisiingie kwenye malipo ya mkononi. Toa NSSF, kodi na rejesho la 250,000 kutoka 1,200,000: anapokea 670,500. Ukiona 695,500, umemlipa manufaa kama posho. Nimeliona kosa hili mara nyingi kuliko lile la riba.

Maswali ya wanakundi

*Dada wa Igoma: Wafanyakazi wangu wana mshahara huohuo. Mmoja alichukua 2,500,000 Machi kwa miezi sita, Agosti akaongeza 2,000,000 kwa miezi sita. Kila mmoja uko chini ya 3,600,000, au siyo?*

Mmoja mmoja ndiyo, dada, lakini huo wa Agosti unajumlishwa na wa Machi: 4,500,000. Haijalishi kwamba wa kwanza umebaki kidogo. Wa Agosti unatozwa. Ndiyo maana nashauri daftari la mikopo liwe la mtu, lisiwe la mkopo.

*Mwanakundi wa Nyegezi: Sisi tunatoza 2%. Tumesalimika?*

Kwa sehemu tu. Kwa salio la 6,000,000, 5% ya mwezi ni 25,000, naye amelipa 10,000. Kinachotozwa ni tofauti, 15,000. Angalia neno "amelipa": riba mliyoiandika kwenye mkataba mkaiacha irundikane bila kulipwa haipunguzi kitu.

*Mzee wa Kirumba: Na akimaliza deni lote mwisho wa Juni?*

Shikamoo mzee. Januari hadi Juni manufaa ni 134,375, na Julai ni sifuri. Hakikisha tu mtu wa mishahara amepewa habari, maana mfumo ukishawekewa makato ya miezi 24 huendelea kuhesabu salio ambalo halipo.