Jinsi ya kuandaa ujumbe wa ratiba ya jumuiya kila wiki, bila kuchanganya zamu za wenyeji

Wiki iliyopita nilikaa na katibu mpya wa jumuiya jirani hapa Dar es Salaam, nikamwonyesha ninavyoandaa ujumbe wa wiki wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo. Alikuja na swali la namna ya kuandika ujumbe, lakini tatizo lake lilikuwa kwenye zamu za wenyeji. Nayaandika hapa tuliyoyafanya, kwa mfano wa jumuiya yenye familia 14 inayosali Jumamosi alfajiri nyumba kwa nyumba. Nimeweka namba badala ya majina ya watu.

Hatua ya 1: Tafuta daftari

Daftari la kawaida la mistari linatosha. Mimi siweki zamu kwenye simu peke yake, maana katibu akibadilika au simu ikiharibika, jumuiya inabaki haijui ilikuwa imefika kwa nani.

Hatua ya 2: Panga zamu kama foleni

Hapa ndipo nilipoteza muda mwingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza nilichapa orodha nzima, kila familia na tarehe yake, nikagawa nakala. Wiki ya tano ukatokea msiba, tukasali msibani. Nikasogeza kila familia mbele wiki moja na kuchapa orodha mpya, lakini ile ya zamani haikutoka ukutani kwenye nyumba za watu. Jumamosi iliyofuata familia mbili zilijiandaa siku moja. Mama mmoja mzee aliamka saa 10 usiku, akafagia uwanja, akatandika mikeka na kuwasha mshumaa mbele ya msalaba. Sisi tulikuwa tunasali mtaa wa pili. Nilipopita kwake saa 3 asubuhi mikeka ilikuwa bado imetandikwa.

Tangu siku hiyo sipangi tena tarehe za mbali. Daftarini naandika familia 1 hadi 14 kwa kufuatana, na tarehe naijaza baada ya familia kutukaribisha. Aliye juu asiye na tarehe ndiye wa wiki hii. Wiki ikiruka, foleni inasimama palepale na hakuna anayepoteza zamu.

Kuna mambo matatu yanayovuruga foleni, na kila moja lina namna yake.

*Mwenyeji ana udhuru.* Anabadilishana na anayemfuata, basi. Ukiruhusu familia ya 5 ibadilishane na ya 11, utakuwa unakumbuka makubaliano ya wiki sita zijazo, na ya 11 naye akipata udhuru hutajua pa kushika. Mfano wa mwezi huu: tarehe 4 Julai 2026 tulisali kwa familia ya 4. Ya 5 ikasafiri. Tarehe 11 ikachukua ya 6, tarehe 18 inarudi ya 5, tarehe 25 ni ya 7. Foleni imekaa sawa ndani ya wiki mbili.

*Msiba au mgonjwa.* Tukienda kusali kwa familia iliyofiwa, hiyo haihesabiwi kuwa zamu yake. Wapo makatibu wanaoihesabu ili foleni iende haraka. Mimi nakataa: familia ile haikutualika, ilipatwa. Zamu yake ikifika mtaa utulie, itukaribishe kwa furaha yake.

*Jumamosi imechukuliwa,* kwa semina ya parokia au Jumamosi Kuu. Ujumbe unatumwa hata hivyo, useme wazi "Hatusali Jumamosi hii", na mwenyeji aliyekuwa zamu anabaki wa wiki inayofuata. Ukikaa kimya, wapo watakaokwenda kubisha hodi.

Hatua ya 3: Mpigie mwenyeji Jumanne

Mpigie, usimwandikie. Tiki za bluu zinaonyesha ujumbe umefunguliwa, hazionyeshi kuwa amekubali. Muulize kama yupo, muulize alama ya karibu na nyumba yake, na mkumbushe vitu vinavyohitajika: meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa. Mwambie chai haihitajiki. Sisi tulikubaliana hivyo kikaoni, kwa sababu familia mbili zilikuwa zinaomba udhuru kila zamu yao, na sababu ilikuwa sukari na maandazi ya watu 25.

Hatua ya 4: Angalia Injili ya Dominika

Tumia kalenda ya liturujia. Kumbuka mwaka wa liturujia huanza Majilio, hauanzi Januari: Mwaka A tulionao ulianza tarehe 30 Novemba 2025.

Hatua ya 5: Andika ujumbe

```
*JUMUIYA: JUMAMOSI 11 JULAI 2026*
Tumsifu Yesu Kristo.
Saa: *12:30 asubuhi*
Mwenyeji: *Familia ya 6*
(nyuma ya msikiti, geti la bluu)
Injili: Mt 13:1-23, Dominika ya 15, Mwaka A
Kuongoza sala: Familia ya 9

18 Julai: Familia ya 5
25 Julai: Familia ya 7
```

Nyota zinakoza maandishi kwenye WhatsApp. Wenyeji wawili wanaofuata wawepo kila wiki, kwa sababu hiyo ndiyo inayochukua nafasi ya orodha ya ukutani: kila familia inaona jina lake mara mbili kabla zamu haijafika, na mwenye udhuru anakutafuta mapema.

Taja siku pamoja na tarehe. "Kesho" au "Jumamosi ijayo" havifai, maana ujumbe husambazwa na mwingine anausoma siku tatu baadaye. Saa iandikwe kwa Kiswahili na iambatane na asubuhi au jioni. Situmii sehemu ya matukio ya kundi la WhatsApp: inaandika 6:30, na mzee anaisoma saa sita na nusu.

Ukiambatisha ramani, tuma ya mahali palipo nyumba, ukiwa umesimama hapo. Ile inayomfuata mtu anapotembea huisha baada ya dakika 15, saa 1 au saa 8, hivyo iliyotumwa Jumatano haimsaidii mtu Jumamosi. Alama ya geti bado naiamini zaidi.

Hatua ya 6: Tuma Jumatano jioni

Bandika ujumbe juu ya kundi kwa siku 7.

Hatua ya 7: Wenye simu za vitochi

Kwetu wako sita, na wengi wao ndio wasiokosa kusali. Wanapata meseji fupi:

```
Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya J'mosi 11/7 saa 12:30 asubuhi, familia ya 6 (nyuma ya msikiti, geti la bluu). Injili Mt 13:1-23. 18/7: familia ya 5.
```

Meseji moja hubeba herufi 160. Lakini ukiweka kikatuni kimoja tu cha mikono iliyokunjwa, nafasi inashuka hadi herufi 70 na meseji inakatwa vipande. Hata kile kikoma cha juu kwenye *J'mosi* kinaweza kuleta hilo: baadhi ya simu na kompyuta hukipinda chenyewe, na kilichopinda hakimo kwenye herufi za kawaida za meseji. Ukiona simu inahesabu meseji 2 au 3 wakati maneno ni machache, futa kikoma ukiandike upya, au andika "Jumamosi" kwa kirefu.

Hatua ya 8: Jumamosi, kabla ya sala ya mwisho

Andika tarehe mbele ya familia iliyotukaribisha. Kisha msomee mwenyeji wa wiki ijayo zamu yake mbele ya watu wote, naye aitikie kwa sauti. Asipokuwepo, mpitie nyumbani ukiwa njiani kurudi, daftari likiwa mkononi.