SOMO: Kusudi, dhamira, dira na maadili ya brandi, wengi tunavichanganya

Habari za jioni wakuu. Wiki hii nimekaa na kaka mmoja anakamua alizeti kule Kibaigwa, kanionyesha karatasi yake, juu kabisa kaandika "KUSUDI: kuwa kampuni namba moja ya mafuta ya alizeti Afrika Mashariki". Hilo sio kusudi jamani, hiyo ni dira. Tukaanza upya hivi.

1. Kusudi. Nilimuuliza, ukifunga mashine kesho mtu wa hapa atakosa nini ambacho sio hela yako? Akafikiri sana alafu akasema mama zetu wanapikia mafuta wasiyojua yamechanganywa na nini wakati alizeti imejaa hapa hapa. Basi kusudi likawa: familia zetu zipikie mafuta ya alizeti tupu bila wasiwasi. Halina mwaka wala halimtaji yeye.

2. Dhamira ni kazi ya kila siku, unafanya nini, kwa nani, kwa njia gani. Yake: tunanunua mbegu kwa wakulima wa Kongwa, tunakamua na kuchuja, tunauza madumu ya lita 5 na 20 kwa maduka ya Dodoma mjini. Mwanzo alikua kaandika "kutoa bidhaa bora kwa bei nafuu", hiyo hata muuza viatu anaweza kuibandika ukutani.

3. Dira ina mwisho unaoonekana. Angalieni Dira 2050 ya nchi, ina mwaka na ina namba, uchumi wa dola trilioni 1. Yeye kaweka maduka 200 ifikapo 2031. Kipimo changu ni hiki: jiulize siku ukifika hapo je hilo neno limeisha? Likiisha ni dira, lisipoisha ni kusudi.

4. Maadili, hapa ndo tulikaa mpaka usiku. Kaandika uaminifu, ubora, ushirikiano, maneno ambayo hakuna mtu anayapinga kwahiyo hayamwongozi mfanyakazi yeyote. Nikamuuliza, mbegu zikiadimika kabla ya mavuno mapya na bei imepanda, utachanganya na mafuta ya mawese? Akasema hapana, bora nisimamishe mauzo. Sasa hilo ndo adili, "hatuchanganyi, hata ghala likiwa tupu", maana linamgharimu kitu na kijana wa mashine anajua cha kufanya bila kumpigia bosi simu.

MASWALI

Dada wa Area C: Mwalimu, yote manne niyaweke kwenye lebo?
Jibu: Hapana dada, mteja anahitaji ahadi moja tu, kwa huyu kaka "alizeti tupu" inatosha. Dira na dhamira ni za ndani, na za benki wakiuliza.

Mdau wa Manyoni: Nikianza kuuza na mashudu kwa wafugaji nibadili vyote?
Jibu: Badili dhamira mkuu, maana kazi na mteja vimeongezeka. Kusudi liache kwanza. Ila ukiona mashudu ndo yanakulipa kuliko mafuta, rudi kwenye lile swali la kwanza ulijibu upya, na safari hii muulize mfugaji mwenyewe angekosa nini.